Pete nyembamba inayobanwa juu na chini: tukate ubavuni au chini ya mzigo?

Chukua pete ya chuma, iweke wima, ibane kwa nguvu mbili zinazotazamana kwenye kipenyo kimoja, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini. Itabonyea juu na chini, mbavu zitatoka nje, na umbo litaelekea la yai. Hilo kila mtu analiona kwa macho. Linalosumbua wanafunzi, na mafundi wanaotengeneza vipimo vya mzigo, ni kujua momenti ya kupinda ni kiasi gani katika kila sehemu ya pete. Milinganyo ya msawazo haitoshi, kwa sababu pete haina ncha. Popote utakapoikata, ndani ya mkato kuna momenti ambayo msawazo hauwezi kukupa.

Mlinganyo unaokosekana tunaupata kwenye nishati. Kazi hii inahusishwa na Mwitaliano Carlo Alberto Castigliano, aliyeiweka wazi mwaka 1873 katika tasnifu yake ya Torino. Anasema hivi: ukiandika nishati yote iliyohifadhiwa kwenye kitu kinyumbufu, kisha ukaangalia inavyobadilika kwa nguvu fulani, utapata msogeo wa mahali nguvu hiyo inapofanya kazi. Kwa momenti utapata mzunguko. Na pale ambapo unajua hakuna mzunguko, mabadiliko hayo ni sifuri. Hapo ndipo mlinganyo wetu unapozaliwa.

Kabla ya kuandika chochote lakini kuna uamuzi mmoja: unaikata pete wapi? Chaguo la kweli ni mawili, ubavuni au chini ya mzigo. Kwa pete tupu yote mawili hutoa jibu lilelile. Kwa pete halisi ya maabara hayalingani kwa manufaa, na nitaeleza kwa nini mimi huchagua ubavu karibu kila mara.

Kukata ubavuni

Kata pete kwenye kipenyo cha mlalo, ubaki na nusu ya juu. Nguvu P inaisukuma chini katikati, na mikato miwili inaibeba. Kwa ulinganifu kila mkato unabeba nusu, yaani P/2, ikiubana ubavu kwa urefu wake. Nguvu ya kukata, ile ya kusukuma mkato pembeni, ni sifuri: nusu ya juu na nusu ya chini ni pacha, hakuna sababu ya moja kusukuma nje na nyingine ndani. Kinachobaki bila kujulikana ni momenti moja tu, tuiite M0.

Pima pembe θ kuanzia ubavuni kwenda juu, hadi nyuzi 90 chini ya mzigo. Momenti inayokunja pete zaidi tuihesabu kuwa chanya, na ile inayoinyoosha kuwa hasi. Ukiwa na nusukipenyo R, momenti kwenye pembe θ ni:

```
M(θ) = M0 − (P·R/2)·(1 − cos θ)
```

Nishati ya kupinda ya pete nzima ni mara nne ya robo moja. Mkato wa ubavuni hauzunguki, kwa sababu ya ulinganifu uleule, kwa hiyo badiliko la nishati kwa M0 ni sifuri. Ukiliandika hilo, E, yaani ugumu wa chuma chenyewe, na I, yaani ugumu unaotokana na umbo la mkato, zinafutika, na kinachobaki ni kauli rahisi kuliko inavyotarajiwa: intigrali ya M kutoka 0 hadi π/2 ni sifuri. Kwa maneno mengine, wastani wa momenti kuzunguka pete ni sifuri. Sentensi hiyo ikae kichwani. Ndiyo roho ya tatizo lote hili, na ndiyo njia ya haraka ya kukagua jibu lolote utakaloletewa.

Ukikokotoa unapata:

```
M0   = (P·R/2)·(1 − 2/π)   = 0.182·P·R
M(θ) = (P·R/2)·(cos θ − 2/π)
```

Weka θ = nyuzi 90 na momenti chini ya mzigo inatoka −P·R/π, yaani 0.318·P·R upande wa kunyoosha. Momenti ni sifuri pale ambapo cos θ ni 2/π, nyuzi 50.5 kutoka ubavuni, au nyuzi 39.5 kutoka kwenye mzigo.

Hili unaweza kulishika kwa mkono. Kata kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, upana wa vidole viwili hivi, kisha kikate kwa msumeno mahali pamoja tu ubavuni. Kisimamishe mezani, mkato ukiwa pembeni, na ukikandamize kwa kiganja. Mdomo wa mkato unafunguka kwa nje, huku kingo za ndani zikibaki zimegusana. M0 ndiyo momenti inayohitajika kuufunga mdomo huo kabisa. Pete nzima inaifanya kazi hiyo yenyewe bila kuombwa.

Kukata chini ya mzigo

Sasa kata kwenye kipenyo cha wima, ubaki na nusu ya kushoto. Mzigo wa juu unagawanyika, nusu yake inakwenda kushoto na nusu kulia, kwa hiyo mkato wa juu unabeba nguvu ya kukata P/2. Nguvu ya mlalo kwenye mkato ni sifuri, kwa kuwa nusu ya kushoto haina kingine cha kuizuia isiondoke. Tena inabaki momenti moja isiyojulikana, M1. Pima pembe φ kutoka kwenye mzigo kwenda ubavuni:

```
M(φ) = M1 + (P·R/2)·sin φ
```

Tumia sharti lilelile la wastani kuwa sifuri. Intigrali ya sin φ kutoka 0 hadi π/2 ni 1, basi M1 mara π/2 ni sawa na −P·R/2, na M1 = −P·R/π. Mstari mmoja, umemaliza. Momenti kubwa kuliko zote, ile inayoamua kama pete itavunjika, umeipata moja kwa moja bila kupitia ubavuni kwanza.

Kwa mtihani wa darasani mkato huu ni mwepesi zaidi, na sina ubishi juu ya hilo. Hata msogeo unatoka vizuri, kwa sababu badiliko la M kwa P ni (R/2)·sin φ tu. Unazidisha, unajumlisha, na kipenyo cha wima kinapungua kwa:

```
δ = (π/4 − 2/π)·P·R³/(E·I) = 0.149·P·R³/(E·I)
```

Hatari yake iko kwenye nusu ya mzigo. Unakata mahali palepale nguvu inapogusa, na ni rahisi mno kuandika P badala ya P/2, au kusahau kwamba mzigo umegawanywa na kuuhesabu mara mbili. Ukikata ubavuni, P inabaki nzima mahali pake na huna cha kugawanya isipokuwa mwitikio.

Mtego unaoziandama njia zote mbili

Ni ule wa robo ya pete. Kwa kuwa tunafanya hesabu kwenye robo, wengi huandika nishati ya robo peke yake kisha wanaangalia inavyobadilika kwa P, na jibu linatoka robo ya msogeo wa kweli. Wengine wanakumbuka kwamba robo inabeba P/2, wanatumia nishati ya robo kwa P/2, na wanapata nusu ya δ. Hawa hawajakosea hesabu. Wamepata umbali ambao sehemu ya juu inashuka kuelekea kipenyo cha mlalo, na sehemu ya chini nayo inapanda kiasi hichohicho. Kosa ni kuuita upungufu wa kipenyo kizima. Dawa yake ni kuandika nishati ya pete nzima, 4 × robo, tangu mstari wa kwanza, na kuacha P iwe P.

Kuna wasiwasi mwingine ambao hauna msingi. Mwanafunzi anauliza: nikitafuta δ, niweke kwanza thamani ya M0 iliyo na P ndani yake, au niichukulie M0 kuwa haibadiliki? Vyovyote vile jibu ni moja, kwa sababu badiliko la nishati kwa M0 lilishakuwa sifuri. Iache ilivyo, utapunguza kazi.

Pete yenye vipimo

Tuje kwenye chuma. Wanaofanya kazi kwenye maabara za udongo za barabara wanaijua pete hii vizuri: inakaa juu ya mashine ya CBR, ile ya kupima uwezo wa udongo kubeba mzigo, ina saa ndogo ya kupimia msogeo katikati, nao wanaiita pruvingi ringi. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1920 na Whittemore na Petrenko wa Ofisi ya Taifa ya Viwango. Pete inabonyea, sindano ya saa inazunguka, na kutoka kwenye msogeo unasoma mzigo.

Tuseme nusukipenyo hadi katikati ya unene ni milimita 80, unene 8, upana 25, na E ya chuma ni 200 GPa. I inakuwa mm⁴ 1,067 hivi. Tuipe mzigo wa kilonyutoni 2. P·R ni Nm 160. Chini ya mzigo momenti ni Nm 50.9, ubavuni ni 29.1. Jumla yao ni 80, yaani P·R/2 kamili, na huo ni ukaguzi mwingine wa bure: kwa kuwa moja ni hasi, tofauti kati ya kilele na ubavu lazima iwe P·R/2, hata kama M0 umeikosea. Kwa hiyo jumla ikitoka sawa usishangilie bado. Angalia na wastani.

Mkazo wa kupinda chini ya mzigo ni MPa 191, upande wa ndani ukivutwa. Ubavuni ni MPa 109, nje ikivutwa na ndani ikibanwa, halafu P/2 inaongeza mbano wa MPa 5 kwenye unene wote: nje inabaki 104, ndani inafika 114. P·R³/(E·I) ni milimita 4.8 kamili, basi kipenyo cha wima kinapungua 0.714 na cha mlalo kinaongezeka 0.656, kwa kuwa mgawo wa mlalo ni 2/π − 1/2, yaani 0.137. Saa yenye alama za 0.002 ingeonyesha alama 357, sawa na nyutoni 5.6 kwa alama. Kwa kipimo cha udongo hiyo ni nzuri.

Nyembamba maana yake nini hapa? R gawa kwa unene ni 10. Ukiongeza nishati ya mbano na ya nguvu ya kukata, ambazo tulizipuuza, δ inaongezeka chini ya asilimia 2, na momenti haibadiliki hata kwa asilimia moja. Mkazo ndio unaoanza kusaliti mapema. Kwa sababu pete imepinda, ukingo wa ndani hubeba zaidi ya fomula ya boriti iliyonyooka: asilimia 3.4 zaidi kwa uwiano wa 10, na asilimia 7 kwa uwiano wa 5. Hivyo ukiwa na pete nene kidogo, endelea kuiamini momenti na ubadilishe fomula ya mkazo.

Nundu zinazoharibu hesabu, na kwa nini ninakata ubavuni

Sasa itazame pete ya maabara kwa karibu. Juu na chini si nyembamba. Kuna nundu, vipande vinene vilivyochongwa pamoja na pete ili mzigo upate pa kukaa. Mara ya kwanza nilipolinganisha hesabu yangu na pete ya kweli, pete ilitoka ngumu kuliko hesabu kwa kiasi kisichoelezeka, nikapoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye E na kwenye unene. Kosa lilikuwa nundu.

Mkato wa chini ya mzigo unapita katikati ya nundu. M1 unayoipata pale ni momenti ya mahali ambapo hakuna tena pete nyembamba, na intigrali inayoanzia φ = 0 inapita kwenye chuma kisichopinda. Mkato wa ubavuni unakaa kwenye sehemu safi kabisa, na marekebisho yake ni kitu kimoja tu: badala ya kujumlisha hadi π/2, unaishia kwenye ukingo wa nundu, pembe θb kwa rediani. Nundu tunaichukulia kuwa ngumu isiyopinda; kwa ulinganifu haizunguki, inashuka tu.

```
k  = sin(θb)/θb
M0 = (P·R/2)·(1 − k)
M(θ) = (P·R/2)·(cos θ − k)
δ  = (P·R³/(E·I))·(θb/2 + sin(2·θb)/4 − sin²(θb)/θb)
```

Fanya nundu iwe ya nyuzi 10 kila upande wa mzigo. Kwenye pete yetu hiyo ni nundu ya upana wa milimita 28, si kubwa hata kidogo. θb ni nyuzi 80, rediani 1.396, na k inatoka 0.705. Haya ndiyo matokeo yakiwekwa kando kwa kando:

| | Pete tupu | Yenye nundu |
|---|---|---|
| Momenti ubavuni | 29.1 Nm | 23.6 Nm |
| Momenti kubwa zaidi | 50.9 Nm, chini ya mzigo | 42.5 Nm, ukingoni mwa nundu |
| Kipenyo cha wima kupungua | 0.714 mm | 0.427 mm |
| Kipenyo cha mlalo kuongezeka | 0.656 mm | 0.470 mm |

Msogeo wa wima umeshuka kwa asilimia 40. Linganisha na ile asilimia 2 ya nishati tuliyoipuuza. Watu hutumia jioni nzima wakibishana kama pete yao ni nyembamba ya kutosha, huku nundu zinakula karibu nusu ya msogeo mbele ya macho yao. Ni kweli nundu halisi si ngumu kabisa, na pete itakaa mahali fulani kati ya safu hizi mbili, karibu zaidi na ya pili kadiri nundu zilivyo nene.

Kwa hiyo nashauri hivi. Pete tupu, kama bomba la zege linalopimwa kwa kubanwa kati ya mistari miwili, na unachotaka ni momenti kubwa tu: kata chini ya mzigo, mstari mmoja unatosha. Lakini kumbuka zege likishapata ufa, EI si moja tena kuzunguka pete, na hesabu hii inafaa hadi ufa wa kwanza tu. Pete yenye nundu, au yenye vipande vilivyonyooka mbavuni kama kiungo cha mnyororo, au unayotaka kubandika vipimo vya mnyumbuko ubavuni: kata ubavuni. M0 ndiyo namba utakayoisoma kwenye vipimo hivyo, na mipaka ya intigrali utaibadilisha bila kuanza upya. Ikiwa nguvu mbili hazitazamani sawasawa, au unene unabadilika upande mmoja, ulinganifu umekufa na njia zote mbili zinaanguka. Hapo mkato mmoja unabeba visivyojulikana vitatu, momenti na nguvu mbili, na kila kimoja kinadai sharti lake la nishati.

Na kama umeletewa pete ambayo hujui nundu zake zinafanya kazi kiasi gani, pima vipenyo vyote viwili chini ya mzigo uleule. Kwenye pete tupu, wima hupungua zaidi ya mlalo unavyoongezeka, uwiano wa 1.09. Kwenye pete yetu yenye nundu za nyuzi 10 mambo yamegeuka: mlalo umetanuka zaidi ya wima ulivyopungua, na uwiano ni 0.91. Uwiano huo hautegemei E, wala unene, wala hata mzigo wenyewe kama umeupima vibaya. Ukitoka chini ya 1, usitumie 0.149 kwenye pete hiyo.